Mhusika anayerudi kila wiki: mjenge kuanzia kasoro yake, msemo uje mwisho

Aliyekulia kwenye Kiswahili anamjua fisi wa njia panda. Alinusa nyama, harufu ikaja kutoka njia zote mbili, naye hakukubali kuikosa hata moja. Akaweka miguu huku na huku, akasonga mbele hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba. Hadithi imekwisha, fisi amekufa. Kesho yake jioni bibi anaanza hadithi nyingine na fisi yumo, mzima, na ulafi wake uleule, wala hakuna mtoto anayeuliza amefufukaje.

Mhusika wa kuchekesha wa chaneli anajengwa vilevile. Ana kasoro moja unayoijua kabla hajafungua mdomo, kasoro hiyo inamwingiza matatani, na wiki ijayo anarudi bila kujifunza chochote. Wengi wanaoanza wanafuata njia ya kinyume: wanatafuta kwanza wigi, sauti ya ajabu na msemo, ndipo wanamtafutia la kufanya. Klipu mbili za mwanzo zinachekesha kwa sababu ya wigi. Ya tatu watu wameshaizoea sura, na chini ya wigi hakuna mtu.

Nitaonyesha hatua kwa kutumia mhusika mmoja tuliyemjenga watu wanne kwa ajili ya klipu za dakika moja na nusu. Anaitwa Katibu.

Hatua ya 1: Mtafute mahali unapopajua, kisha mpe kasoro moja

Tulianza na nyumba. Vyumba sita vya kupanga Dar es Salaam, uani pamoja, mita moja ya Luku. Aliyewahi kuishi nyumba ya namna hiyo anajua ugomvi wake: kila chumba kinachanga, mmoja ananunua umeme, anaingiza zile namba 20, na baada ya siku nne unasikia uani, "Umeme umeisha tena?" Kuna mwenye friji, kuna mwenye sabufa, kuna anayechemsha maharage kwa jiko la umeme usiku wa manane akidhani wenzake wamelala. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye Luku, kwa hiyo ukinunua umeme wa mwanzo wa mwezi uniti zinakuja pungufu, na mchangishaji anaonekana mwizi.

Mahali pa namna hii ni mtaji, kwa sababu mgogoro upo tayari na hauishi. Ukiwa Nairobi unaweza kuichukua ploti yenye bomba moja la maji na keateka wake. Ukiwa Mombasa au Tanga, chukua jahazi, kijiwe cha kahawa, gereji. Sharti ni kwamba watu wa hapo hawawezi kukwepana.

Sasa kasoro. Katibu ndiye anayekusanya michango ya Luku. Hakuna aliyemchagua; siku moja alishika kalamu tu, hakuiachia. Kasoro yake tuliiandika kwa sentensi moja, na nakuomba nawe usiende hatua inayofuata kabla hujaipata yako: *Katibu anaamini kwamba jambo likishaandikwa daftarini limekwisha, kwa hiyo kila anaposhindwa kutatua kitu, anakiandika.*

Angalia sentensi hiyo ina nini ndani. Ina anachokitaka, yaani nyumba yenye utaratibu. Ina upofu wake, kwamba kuandika si kutatua. Tena ina kitendo, kitu ambacho kamera inaweza kukiona. Kasoro isiyo na kitendo haisaidii. Ukisema "ni mbahili" hujamaliza. Mbahili anafanya nini? Anahesabu njiti za kiberiti? Anazima taa mgeni akiwa bado anakula? Endelea mpaka upate mkono unaosogea.

Mjaribu kwa kumtoa nyumbani. Chukua karatasi, mpeleke mahali patano ambapo hakuna Luku kabisa, uone kama kasoro inatembea naye. Msibani: anaandika nani analia na nani anajifanya. Kwenye daladala: konda hana chenji, Katibu anaandika namba ya gari, jina la konda, na rangi ya shati. Kikao cha harusi: anaandika ahadi za michango na kuzisoma kwa sauti mbele ya wake za watu. Zahanati: anamwandika daktari kabla daktari hajamwandika yeye. Dukani: deni lake mwenyewe, anataka aliandike yeye. Kama mahali patatu kati ya patano hapachekeshi hata kwenye karatasi, kasoro uliyompa ni nyembamba. Imekaa kwenye kazi yake, haijaingia kwenye tabia. Sisi tuliwahi kuwa na mhusika mlinzi wa geti aliyekuwa akisinzia. Getini alikuwa anaua. Tulipompeleka harusini akasinzia, tukagundua hatuna kitu.

Hatua ya 2: Watu wa kumgusa pale panapouma

Katibu peke yake ni mzee na daftari. Kinachomfanya acheze ni wanaomzunguka, na watatu wanatosha. Kila mmoja tulimpa kazi yake.

Mama Zuhura anauza barafu na juisi, ana friji, na hashindwi kwa maneno. Kazi yake ni kumbana Katibu mpaka hana jibu. Dogo Side ana sabufa na anamheshimu Katibu kupita kiasi. Yeye anamwamini, kwa hiyo anamsaidia vibaya. Halafu kuna Mwalimu, anayepita uani na ndoo yake ya maji na kusema sentensi moja ya kweli kwa kila klipu, kisha anaingia chumbani. Mwalimu hachekeshi wala asijaribu kuchekesha. Kama wote wanne ni vituko, mtazamaji hana pa kusimama.

Kasoro za wale wengine zitofautiane kabisa na ya mkubwa. Tulipompa Dogo Side tabia ya kubishana, akawa Mama Zuhura mdogo, na klipu ikawa kelele. Tulipomrudisha kwenye kuamini kila anachoambiwa, ikatulia.

Hatua ya 3: Mwili na nguo

Mpe vitu vitatu vinavyoonekana, vyote vitokane na tabia. Katibu ana koti la suti juu ya msuli, maana ni kiongozi, lakini yuko nyumbani. Ana kauntabuku iliyofunikwa gazeti, na kalamu imefungwa kwa uzi shingoni ili isiazimwe. Na ana kandambili mbili zisizofanana, moja ya bluu, moja nyekundu. Hiyo ya tatu hatukuieleza kwa makusudi, nitairudia.

Nguo hizi ziwe kwenye mfuko wake, zisivaliwe na mtu kwenye shughuli nyingine. Piga picha ya mhusika akiwa amekamilika, uitazame kila mara kabla ya kurekodi. Mtazamaji anayerudi kila wiki ana jicho kali. Koti likibadilika atauliza kwenye komenti kabla hujafuta jasho.

Sauti mpe ya kwake, ila usiichukue lafudhi ya kabila fulani ukaifanya ndiyo kichekesho chenyewe. Katika vichekesho vya redio na televisheni za kwetu imefanyika sana, na waliofanikiwa ni wale ambao chini ya lafudhi walikuwa na mtu kamili. Jipime hivi: sema mistari ya mhusika wako kwa lafudhi yako ya kawaida. Kama hakuna anayecheka, kilichokuwa kikichekesha ni kabila la watu. Katibu tulimpa mwendo wa maneno wa karani: polepole, anatamka kila silabi kana kwamba naye anajiandikia imla.

Hatua ya 4: Msemo

Hapa ndipo watu wanapoharakisha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msemo wa kwanza tuliomwandikia Katibu ulikuwa "Umeme si maji ya mvua, wananchi!" Mezani tulicheka. Mbele ya kamera ulikuwa mrefu, ukasikika kama tangazo la ukutani, na haukuwa na matumizi nje ya mada ya umeme. Wa pili ulikuwa "Haki bin haki!" Unatamkika vizuri, lakini ungeweza kuwa wa mtu yeyote, haukutoka kwenye kasoro. Wa tatu hatukuutunga. Ulikuwa kwenye mazoezi, Mama Zuhura amembana, mwigizaji wetu akasahau mistari. Akatulia, akafungua daftari, akasema taratibu: "Naandika."

Ni neno moja, silabi nne, na ni kitendo anachokifanya palepale. Ukilichunguza utaona lina mambo matatu ambayo msemo wa mhusika unahitaji. Kwanza, linatoka wakati wa kushindwa. Katibu anasema "naandika" pale tu anapokosa jibu, kwa hiyo mtazamaji anapolisikia anajua ameshashindwa, hata yeye mwenyewe asipojua. Pili, linabeba hisia zaidi ya moja. Anaweza kulisema kwa hasira, kwa hofu, kwa mapenzi. Tatu, mtu wa kawaida anaweza kulibeba nyumbani kwake, akalitumia kwa mume aliyechelewa au rafiki aliyekopa.

Tazama linavyokaa mahali pake. Hii ni klipu ya kwanza, sehemu ya katikati:

KATIBU: Mama Zuhura, friji inakula umeme kuliko vyumba vitatu. Utaratibu unasema uchange mara mbili.

MAMA ZUHURA: Utaratibu upi?

KATIBU: Wa nyumba.

MAMA ZUHURA: Ulipitishwa lini?

KATIBU: Kwenye kikao.

MAMA ZUHURA: Kikao kilikuwa na nani?

KATIBU: *(kimya)* Mimi.

MAMA ZUHURA: Na nani?

*(Katibu anatazama juu, anatazama mita, anafungua daftari.)*

KATIBU: Naandika.

MAMA ZUHURA: Unaandika nini sasa?

KATIBU: Swali lako.

Msemo umekuja baada ya maswali manne, na kila swali limempunguzia pa kukimbilia. Ukiutoa ule ukimya kabla yake, unakufa. Tulirekodi mara mbili: mara moja Katibu akajibu haraka, mara moja akachukua kama sekunde tatu kutazama mita. Ya pili ndiyo tuliyoitumia, na tangu siku hiyo mhariri wetu haruhusiwi kukata pale.

Kanuni tulizojiwekea ni chache. Unasemwa mara moja tu kwa klipu. Hausemwi kwenye salamu ya kufungulia, hata kama unatamani, maana ukishaugeuza kuwa kengele ya mlangoni hauna tena uchungu. Na kila baada ya klipu tatu hivi, tunawanyima watu kile wanachokingoja. Mara moja Katibu alifungua daftari, kalamu haiandiki. Mara nyingine Mama Zuhura ndiye aliyemwambia yeye, "Naandika," Katibu akaganda kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake. Mara nyingine Dogo Side alipomwambia kwamba amefaulu mtihani wa ufundi, Katibu akasema kwa sauti ndogo, "Hilo... naandika," na macho yakamlengalenga. Ile ya mwisho ilitushangaza wenyewe. Tuligundua kwamba msemo ukishasikika vya kutosha kwa namna moja, unaweza kuugeuza ukaliza.

Utajuaje kama umeshika? Soma komenti, lakini usihesabu wanaouandika tu kama ulivyo. Huo ni mwangwi. Tafuta wanaoupinda. Ukiona mtu ameandika, "Mume wangu kaja mikono mitupu leo, naandika," msemo umeshatoka nyumbani kwako na una miguu. Ukipita klipu tano au sita hakuna hata mmoja aliyeupinda, usiulazimishe. Rudi uangalie rekodi za mazoezi. Mara nyingi msemo wa kweli umeshatamkwa na mwigizaji bila kukusudia, ninyi mkaufuta kwa kudhani ni kosa.

Hatua ya 5: Utani wa kurudia

Msemo ni wa mhusika. Utani wa kurudia ni wa nyumba nzima, na ndio unaomfanya mtazamaji wa muda mrefu ajione mwenyeji. Vichekesho vya Vioja Mahakamani vya Kenya viliishi miaka mingi kwa njia hii: washitakiwa ni walewale, kina Makokha na Ondiek, kizimbani ni palepale, na mtazamaji anajua mapema kwamba utetezi utamzamisha mshitakiwa kuliko shitaka lenyewe. Utamu uko kwenye namna mpya ya kufikia mahali pa zamani.

Tulianza na aina tatu tu. Zaidi ya hapo hamtazikumbuka ninyi wenyewe. Wa kwanza ni kodi ya jengo: kila mwanzo wa mwezi uniti zinapungua, Katibu anaeleza sababu ya kweli kabisa, hakuna anayemwamini. Ni utani mwepesi wa kurudi kwa kalenda, na mtazamaji mpangaji anaungoja kwa sababu naye yamemkuta wiki hiyohiyo.

Wa pili ni zile kandambili. Klipu nne hatukuzisemea. Kamera ilizipita tu. Kwenye komenti watu wakaanza kuuliza. Klipu ya tano Mwalimu alitoka na ndoo yake, na miguuni ana moja ya bluu na moja nyekundu, upande wa pili. Walitazamana miguu, wakatazamana usoni, wakapishana. Hakuna neno lililosemwa. Hadi leo hatujaeleza ilikuwaje, na sina mpango wa kueleza. Utani mwingine unakufa siku unapopata maelezo.

Wa tatu ndio tulioupangia safari ndefu: ukurasa wa 14. Klipu ya pili, Dogo Side anapekua daftari, Katibu anamwambia, "Soma popote. Ukurasa wa 14 usifungue." Basi, tukaendelea na mambo mengine. Klipu ya nne, upepo unafungua daftari, Katibu anaurukia ukurasa kwa tumbo. Klipu ya tano na ya sita hatukuugusa kabisa, na huku kunyamaza ni sehemu ya kazi. Utani unaorudi kila wiki bila kupumzika unakuwa kero. Klipu ya saba Mama Zuhura anamtishia kwa maneno matatu tu, "Kumi na nne," na Katibu anamsamehe deni palepale. Hapo umegeuka kuwa silaha. Kila unaporudi lazima kitu kiwe kimebadilika: aliyeushika, bei yake, au mahali. Ukirudi vilevile mara mbili mfululizo, ya tatu hawacheki.

Kuna jambo moja linalowaangusha wengi hapa. Mtazamaji mpya anaingia klipu ya saba bila kuona ya pili. Akikuta watu wanacheka kitu asichokijua, anaondoka. Kwa hiyo tunajipima hivi: kila klipu tunamwonyesha mtu mmoja ambaye hajawahi kuona hata moja, jirani au mteja wa dukani, tunakaa kimya, tunamtazama usoni. "Kumi na nne" kwake ni mwanamke anayemtisha mzee kwa siri fulani, na inatosha kucheka. Mwenyeji anacheka zaidi kwa sababu ameuona upepo na tumbo. Kama yule mgeni ameuliza, "Kumi na nne ndiyo nini?" na uso hauna tabasamu, tunaandika upya.

Kisha wekeni daftari lenu nanyi. Baada ya kila klipu andika mistari mitatu: utani gani umetumika, umebadilikaje, na nini kimesemwa ambacho hakiwezi kukanushwa. Klipu ya tatu Katibu alisema hajawahi kuoa. Klipu ya nane tulimwandikia mke kijijini, na aliyetuokoa ni mwigizaji aliyekumbuka usiku wa kuamkia kurekodi.

Hatua ya 6: Rekodi nne kabla ya kutoa moja

Kurekodi kwenyewe sitakaa sana. Simu kwenye stendi, maiki ya kubana kwenye kola ya koti, na uani asubuhi kabla jua halijawa kali. Sauti ikiwa mbaya watu wanaondoka haraka kuliko picha ikiwa mbaya, hasa kwa mhusika anayeongea polepole kama wetu.

Cha maana ni kurekodi klipu nne kabla ya kuweka hata moja hadharani. Ukiwa na nne mkononi utaona kama mhusika anatembea au anarudia. Tulipozitazama zetu nne kwa mpigo tuliona Katibu ameshindwa na Mama Zuhura katika zote. Moja tukaitupa, tukaandika nyingine ambayo anamshinda, na ushindi huo ndio unaomharibia nyumba: friji inazimwa, barafu inayeyuka, uani panageuka dimbwi, na anayeteleza ni yeye.

Anza klipu ndani ya ugomvi. Usianze na nyumba kwa nje, mlango, salamu, shikamoo, marahaba. Mstari wa kwanza wa klipu yetu ya kwanza ulikuwa Katibu akigonga mlango: "Mama Zuhura, friji hiyo imelala saa ngapi?" Ukishaweka hadharani, fungua YouTube Studio utazame ule mstari unaoonyesha watu wamebaki mpaka sekunde ya ngapi. Ukishuka ghafla palepale mwanzoni, umechelewa kuingia kwenye shida. Ukishuka katikati, mara nyingi utakuta pale mhusika ameanza kueleza anavyojisikia badala ya kufanya kitu.

Yanayomharibu mhusika akishapendwa

La kwanza ni wema. Watu wakimpenda mhusika, waandishi wanaanza kumwonea aibu kasoro yake. Anakuwa mshauri, anasuluhisha ndoa za watu, klipu zinaisha kwa mawaidha. Tulifika hapo klipu ya kumi na moja, Katibu akatoa hotuba kuhusu amani ya wapangaji, na hakuna aliyepinda msemo wiki hiyo. Wema anao, lakini utoke kwa bahati mbaya, kupitia kasoro ileile.

La pili ni kupandisha sauti. Mwigizaji anaona macho yametoka mara moja watu wakacheka, wiki ijayo anayatoa zaidi, mpaka mhusika anabaki mikunjo ya uso. Dawa yake ni kurudi kuitazama klipu ya kwanza pamoja kila mwezi, bila kulaumiana.

La tatu ni tangazo. Mfanyabiashara akikulipa, usimweke Katibu asimame aisifie bidhaa. Mpe bidhaa aipinge kwa kasoro yake. Muuza balbu wa mtaani kwetu alikubali tumwonyeshe Katibu akiiandika balbu daftarini kama mpangaji mpya, kisha anaidai mchango. Kama mwenye bidhaa hataki hivyo, kataa kazi ile kwa mhusika huyu, mfanyie kwa njia nyingine.

Na la nne ni la karatasi. Andikeni mapema, mngali mnapendana, mhusika ni wa nani: aliyeandika, aliyeigiza, au chaneli. Mkiachana nani atavaa koti? Tanzania Bara jina la mhusika mnaloliuzia fulana na vikombe linaweza kusajiliwa kama alama ya biashara BRELA, Zanzibar ni BPRA, na Kenya ni KIPI. Makubaliano yenyewe hayahitaji kuwa marefu. Yetu yako ukurasa mmoja, na watu wanne wamesaini.

Kufungua ukurasa wa 14

Utani wa safari ndefu lazima uwe na siku ya kufunguliwa, na siku hiyo mnaipanga tangu mwanzo. Sisi tulijua kilichoandikwa pale kabla ya kurekodi klipu ya pili. Bila hivyo mngekuwa mnaahidi msichonacho.

Klipu ya tisa, Katibu anaumwa, yuko hospitali, na Luku inaisha. Wapangaji wanalifuata daftari ili wajue nani anadaiwa. Dogo Side anakataa kufungua ukurasa wa 14. Mama Zuhura anataka, lakini mkono unasita. Mwalimu anaweka ndoo chini, anachukua daftari, anasoma kwa sauti yake ileile: "Katibu. Machi, hajalipa. Aprili, hajalipa. Mei, amelipa nusu. Juni, amejitahidi." Kimya. Mama Zuhura anaitoa noti kwenye kanga, anaiweka juu ya daftari. Anaichukua ile kalamu iliyobaki na uzi wake, anainama, anaandika kitu kwenye mstari wa Juni. Hatuonyeshi alichoandika.

Klipu ya kumi, asubuhi, Katibu amerudi. Koti, msuli, kandambili mbili. Mkononi ana kauntabuku mpya imefunikwa gazeti. Anagonga mlango. "Mama Zuhura, friji hiyo imelala saa ngapi?"